Dogo kazidiwa na maji kwenye mechi ya tenisi ya karibu saa nne. Hivi mchezaji anatakiwa anywe kiasi gani?

#1 KakaMkubwa

Wakuu, habari za jioni. Nina swali, na wenye ujuzi wa michezo au tiba naomba msipite kimya.

Mdogo wangu, miaka 21, anacheza tenisi. Jumamosi alikuwa na mechi kwenye mashindano ya klabu moja hapa mjini. Wameanza saa tatu asubuhi, wamemaliza saa saba kasoro robo. Seti tatu, 7-6, 5-7, 6-4, kashinda yeye. Jua la Dar la msimu huu mnalijua, na ule unyevu wa shati kulowa kabla hata hujapasha misuli.

Kocha wake alimwambia asisubiri kiu, kila akikaa kwenye kiti anywe. Dogo ni mtiifu, akanywa. Mechi ilipoisha akaanza kulalamika kichwa na kichefuchefu. Tukasema kaishiwa maji, tukampa mengine. Akatapika maji matupu. Kwenye gari akaanza kuongea visivyoeleweka, ananiuliza refa ameondoka na viatu vyake kwa nini. Zahanati ya kwanza wakapima malaria, hakuna. Sukari, nzuri. Wakamtundikia dripu. Haikupita nusu saa akashikwa na degedege. Tukamkimbiza hospitali kubwa, huko daktari wa zamu akatazama majibu ya maabara akasema huyu kijana kanywa maji mengi kuliko mwili ulivyoweza kuyatoa.

Ametoka jana, yuko salama. Ila mimi bado sielewi. Mtu anavuja jasho saa zote hizo, maji yanamzidije? Na kwenye mechi ndefu hivi mtu anywe kiasi gani?

#2 MzeeWaKaunta

Mechi ndefu mimi huwa nakunywa nne. Zikiongezwa dakika thelathini naenda sita. Zikifika penalti sihesabu tena.

#3 MtotoWaTemeke

@MzeeWaKaunta soma uzi kwanza mzee wangu, mtu anauguza.

KakaMkubwa pole sana mkuu. Ila hili la maji kumdhuru mtu mimi nalikataa. Maji si sumu. Nacheza bonanza za veterani, Jumapili moja tunapiga mechi tatu, na nakunywa mpaka tumbo linasikika nikikimbia. Kinachonipata ni misuli ya ndama kukaza tu. Huyo dogo ni jua limempiga, daktari ametafuta cha kusema.

#4 DaktariWaKijiweni

Hapa tatizo ni chumvi, wala msihangaike. Jasho linatoka na chumvi, yeye anarudisha maji matupu, chumvi inaisha mwilini. Angekunywa madafu tangu asubuhi yasingemkuta haya, madafu ndiyo dripu ya asili, yana chumvi zote. Kocha hana kosa. Ukisikia kiu ujue umeshachelewa.

#5 NesiWaZamu

KakaMkubwa pole na mgonjwa. Kabla hatujagawana dawa humu, naomba unijibu vitu vichache, maana bila hivyo kila mtu atasema lake. Alikunywa nini na chupa ngapi, ukianzia alipoamka? Alienda haja ndogo mara ngapi? Kuna uzito wowote uliopimwa, kabla au baada? Alimeza kidonge chochote? Na hiyo dripu ya kwanza ilikuwa ya nini?

#6 MtotoWaTemeke

Nesi kaingia, ngoja nivute kiti.

#7 KakaMkubwa

@NesiWaZamu asante dada. Nimekaa naye sasa hivi tukahesabu pamoja.

Maji ni ya chupa zile za lita moja na nusu. Moja aliimaliza kabla ya mechi, kocha alisema ajaze tangi mapema. Kwenye mechi kamaliza tatu na nusu ya nne. Ile nusu iliyobaki ndiyo tuliyompa sisi alipoanza kuumwa. Jumla chupa tano kamili, maji matupu, hakuna kingine zaidi ya ndizi mbili.

Haja ndogo anakumbuka mara moja, kidogo, baada ya seti ya kwanza. Uzito: klabu wana mizani, asubuhi alikuwa kilo 58 na pointi kidogo. Hospitalini walimpima kitandani wakaandika 61. Kidonge, ndiyo, alimeza brufeni asubuhi, bega linamsumbua. Dripu ya zahanati nilipiga picha kwa hasira zangu, imeandikwa dekstrozi 5%. Na karatasi ya maabara ya hospitali kubwa inasema sodiamu 124.

#8 RaketiKuukuu

Nikiweka tu hesabu ya kiti, kwa wasiojua tenisi. Mnabadilishana upande kila gemu za jumla zikiwa namba witiri, na mnakaa sekunde 90.

#9 MtotoWaTemeke

Basi hiyo mechi ni gemu 35, kwa hiyo kakaa kama mara 18.

#10 RaketiKuukuu

Si hivyo. Baada ya gemu ya kwanza ya kila seti mnabadilisha upande bila kukaa. Seti ya kwanza ya 7-6 ina vikao vitano, ya pili ya 7-5 vitano, ya tatu ya 6-4 vinne. Ongeza mapumziko mawili ya kati ya seti, yale ya sekunde 120. Vikao 16. Chupa tatu na nusu ni lita tano na robo, gawa kwa 16, unapata kama glasi moja na robo hivi kila akikaa. Ukimwangalia pembeni humwoni kama anafanya kitu cha ajabu. Kanywa glasi, kajifuta taulo, kasimama.

Hapo ndipo tenisi inapotofautiana na mpira. Mpira huna nafasi ya kunywa hivyo hata ukitaka.

#11 NesiWaZamu

@RaketiKuukuu umenirahisishia. KakaMkubwa, sasa twende taratibu.

Chupa tano ni lita saba na nusu. Kilo moja ya uzito inayopotea au kuongezeka ndani ya saa chache ni sawa na lita moja ya maji, hakuna mafuta yanayoota kwa kasi hiyo. Kijana kaingia na 58, katoka na 61. Maana yake ni kwamba baada ya jasho lote lile, na kutapika, bado lita tatu zimebaki ndani. Mizani ya kitandani na ya klabu hazilingani sawasawa, lakini kilo tatu si kosa la mizani. Mtu aliyeishiwa maji hawezi kuongezeka uzito. Hilo peke yake linamaliza hoja ya jua.

Jasho lake basi lilikuwa lita nne au pungufu kidogo kwa mechi nzima, yaani karibu lita moja kwa saa. Kwa mtu mwembamba ni kiasi cha kawaida kabisa. Alikuwa anarudisha karibu lita moja na nusu kwa saa, na alikuwa ameshaanza na lita moja na nusu tumboni.

Sasa sodiamu. Ya kawaida kwenye damu ni 135 mpaka 145. Maji yakiongezeka, sodiamu iliyopo inachujuka. Chembechembe za mwili zinavuta maji ili kulingana na damu, zinavimba. Misuli ikivimba si neno, ina nafasi. Ubongo uko ndani ya fuvu, hauna pa kuvimbia. Ndiyo kichwa, kutapika, kuongea mambo ya refa na viatu, kisha degedege. 124 iliyoshuka ndani ya saa chache ni hatari kuliko 124 ya mzee aliyeshuka taratibu kwa wiki kadhaa.

#12 MtotoWaTemeke

Nesi sawa, hesabu nimeikubali. Ila figo zilikuwa wapi? Mimi nikinywa chupa mbili kazini nakimbia chooni kila baada ya dakika kumi.

#13 NesiWaZamu

Swali zuri, na ndipo utamu ulipo. Ukiwa umekaa ofisini figo zinaweza kutoa karibu lita nzima kwa saa. Ukiwa kwenye mchezo mgumu wa muda mrefu, ubongo unatoa homoni ya kuzuia mkojo. Joto, maumivu, kichefuchefu, hofu ya kupoteza mechi, vyote vinaiamsha. Mwili unadhani uko jangwani, unabana kila tone, huku wewe unamimina. Dogo kakojoa mara moja, kidogo. Mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa.

Na maji ya mwisho huwa bado yako tumboni mechi inapoisha. Yanaendelea kuingia kwenye damu mtu akiwa amekaa. Ndiyo maana wengi wanazidiwa baada ya filimbi, si katikati ya mchezo.

#14 DukaLaPembeni

Mimi nauza dawa, naongezea kwenye brufeni. Dawa za jamii ile, pamoja na diklofenaki ambayo wachezaji wetu wanaitafuna kama karanga, zinaipa nguvu homoni hiyo aliyoitaja nesi, na zinabana mzunguko wa damu kwenye figo. Kwangu mimi brufeni ndiyo mshitakiwa namba moja hapa. Wangapi wanakunywa maji mengi na hawaanguki?

#15 NesiWaZamu

@DukaLaPembeni huenda imechangia, sikatai, na mimi ningemwambia asimeze siku ya mechi. Lakini tafiti za wakimbiaji hazikubaliani kwenye hilo, kuna zilizoona uhusiano na kuna ambazo hazikuuona. Kilo tatu za ziada hazihitaji brufeni kuelezewa.

#16 DukaLaPembeni

Kilo tatu zimebaki kwa sababu mkojo haukutoka. Na mkojo haukutoka kwa sababu gani? Tunazunguka hapohapo.

#17 DaktariWaKijiweni

Wote mnazunguka. Nimesema chumvi na karatasi ya maabara imesema sodiamu iko chini. Nilipatia au sikupatia?

#18 MzeeWaKaunta

Ulipatia jina la mgonjwa, ugonjwa ukakosea.

#19 NesiWaZamu

@DaktariWaKijiweni umepatia nusu. Jasho linatoa chumvi kweli, na anayetoa jasho la chumvi nyingi, yule ambaye kofia yake ikikauka ina mistari myeupe, sodiamu yake itashuka haraka zaidi akizidisha maji. Lakini tazama tena uzito. Angepoteza chumvi tu bila kuzidisha maji, angetoka na uzito pungufu.

Na hili la madafu naomba tulirekebishe. Madafu yana potasiamu nyingi, sodiamu yake kwa kawaida ni kidogo. Ni kinywaji kizuri, nayapenda, ila hayawezi kuziba pengo la sodiamu. Hata vile vinywaji vya rangi vya wanamichezo, sodiamu yake ni kama 20 kwa kipimo kilekile ambacho damu ina 140. Pakiti ya ORS ukiichanganya vizuri kwenye lita moja ni 75. Vyote ni vyepesi kuliko damu. Angekunywa lita saba na nusu za kinywaji cha rangi angeshuka pia, labda angechelewa kidogo tu.

#20 DaktariWaKijiweni

Sawa nesi, ila 75 si sawa na sifuri. Angekunywa ORS tupu siku nzima leo tusingekuwa na uzi huu. Na kuna watu chumvi inawaisha kweli, wanashuka huku uzito umepungua. Au hao hawapo?

#21 NesiWaZamu

Wapo, hasa mbio za siku nzima kwenye joto. Ni wachache. Dogo si mmoja wao.

#22 BintiCoco

Jamani hii mimi niliisikia kwenye klabu yetu ya kukimbia. Boston Marathon mwaka 2003 walikufa watu kumi kwa maji.

#23 MsomajiWaUsiku

@BintiCoco punguza dada. Ni 2002, na aliyefariki kwa hilo ni mkimbiaji mmoja. Uliyoyasikia yametokana na utafiti uliofanyika kwenye mbio hizohizo za 2002, wakapima damu za wakimbiaji 488 waliofika mwisho, asilimia 13 wakawa na sodiamu chini ya kawaida. Wengi wao hata hawakujijua. Kilichotabiri vizuri zaidi nani atashuka ni kuongezeka uzito wakati wa mbio. Na wale waliokunywa vinywaji vya wanamichezo badala ya maji hawakuwa salama zaidi, kwa hiyo nesi yuko sahihi hapo.

Afrika Kusini waliliona mapema zaidi. Daktari Tim Noakes na wenzake waliandika mwaka 1985 kuhusu wanamichezo wanne waliopata sumu ya maji kwenye mbio ndefu. Dunia ikaendelea kuambiwa kunywa. Mwongozo wa madaktari wa michezo wa Marekani wa 1996 ulikuwa unasema mchezaji arudishe jasho lote, au anywe kiasi anachoweza kuvumilia. Waliubadilisha 2007. Makocha wengi wetu walifundishwa na waliofundishwa enzi zile.

#24 BintiCoco

Asante kwa kunisahihisha. Kumbe ndiyo maana mwaka jana kwenye mbio ndefu pete ilinibana mpaka nikaogopa kidole. Nilikuwa nakunywa kila meza ya maji hata bila kiu, kwa sababu wale watoto wanaogawa wanakutazama kwa huruma.

#25 NesiWaZamu

Pete, saa ya mkononi, soksi kuacha alama nzito. Ni dalili za kuangalia, ingawa vidole vinaweza kuvimba kidogo kwa joto tu. Ikija pamoja na kichwa na kichefuchefu na tumbo kujaa maji, acha kunywa hapohapo.

#26 KochaUkutaWaMatofali

Mimi ni kocha, si yule wa dogo. Nimesoma kimya, sasa niseme. Nafundisha vijana huu mwaka wa kumi na ngapi sijui hapa Dar. Walioanguka mbele yangu wote ni wa joto. Ngozi inawaka, miguu imelegea, tukawamwagia maji na barafu. Wa maji kuzidi sijamwona hata mmoja. Sasa mkienda kuwatisha vijana wasinywe, kwenye uwanja usio na kivuli saa sita mchana, mnawapeleka wapi? Unyevu wa hapa jasho haliruki, linadondoka tu chini, mwili haupoi. Kwa mchezaji wangu wa kilo 90, anayelowesha soksi hadi anateleza kwenye kiatu, kiu ni mshauri mbaya. Yule anapoteza lita mbili kwa saa na kiu inamwambia anywe nusu.

#27 RaketiKuukuu

Kocha ana hoja. Hata mimi kwenye seti ya tatu huwa sisikii kiu kabisa, nasikia moyo tu.

#28 NesiWaZamu

Shikamoo kocha. Hapa sitabishana sana, kwa sababu kilo 90 na kilo 58 ni wachezaji wawili tofauti na wote walipewa amri moja. Huyo wako akiambiwa lita moja kwa saa atamaliza akiwa pungufu, hatadhurika. Dogo akiambiwa lita moja na nusu anaishia kwetu.

Ila kumbuka pia maji ya kunywa hayapoozi mwili kama unavyodhani. Anayeungua kwa joto anahitaji barafu, kivuli na taulo la baridi, kama ulivyofanya. Kumjaza maji tumboni hakushushi joto la mtu aliyekwishachanganyikiwa.

#29 KochaUkutaWaMatofali

Marahaba. Sasa nikiwa uwanjani, kijana kaanza kuongea ovyo, nitajuaje ni joto au ni maji? Sina maabara mfukoni.

#30 NesiWaZamu

Hutajua kwa uhakika, na hata sisi bila kipimo tunakisia. Lakini una vitu vitatu. Kwanza, amekunywa kiasi gani? Hesabu chupa zilizo chini ya kiti chake, usimuulize yeye. Pili, mizani kama ipo: kaongezeka, kabaki palepale au kapungua? Tatu, mguse. Wa joto kali mwili unawaka, na kipimo cha njia ya haja kubwa kinazidi 40. Wa maji mara nyingi hana moto huo, hana kiu, katapika maji meupe, mdomo umelowa.

Ukiona ni wa maji na bado anajitambua, usimpe maji tena mpaka akojoe vya kutosha. Anaweza kunywa supu yenye chumvi nyingi, kikombe kimoja, taratibu. Akichanganyikiwa usimpe kitu mdomoni, mkimbize hospitali, na sentensi ya kwanza mlangoni iwe "amekunywa lita kadhaa kwenye mechi". Bila hiyo atapimwa malaria kwanza, maana mji wetu ndio huo.

#31 KakaMkubwa

Kwa hiyo ile dripu ya kwanza ndiyo iliyomuangusha?

#32 NesiWaZamu

Siwezi kusema ndiyo iliyomuangusha, alikuwa anaelekea huko. Dekstrozi 5% mwili unakula ile sukari, yanabaki maji. Kwa hiyo alikuwa anaongezewa kilekile kilichomzidi. Sitaki kuwahukumu, mtu kaletwa amelegea, ametapika, katoka juani, na ndugu wote wanasema kaishiwa maji. Kule kwa pili walimpa nini?

#33 KakaMkubwa

Chupa ndogo, imeandikwa 3%. Waliingiza mililita 100 kwa kama dakika kumi, kisha wakarudia mara moja. Baada ya muda akafungua macho akaniuliza matokeo ya mechi. Usiku akakojoa mpaka muuguzi akacheka.

#34 NesiWaZamu

Hiyo ndiyo yenyewe, dripu ya chumvi kali, inavuta maji kutoka kwenye ubongo. Huyo daktari wa zamu mshukuruni. Na huo mkojo wa usiku ndio mlango uliofunguka.

#35 DukaLaPembeni

Mimi nilifundishwa sodiamu haipandishwi haraka, unaweza kuharibu ubongo.

#36 NesiWaZamu

Ni kweli kwa yule aliyeshuka kwa siku nyingi, ubongo wake umeshazoea. Huyu kashuka mchana mmoja na ana degedege. Anayekufa hapa anakufa kwa kucheleweshwa.

#37 KipaMstaafu

Kwenye mpira mambo yako tofauti, sisi tatizo letu ni kukosa nafasi ya kunywa. Mpaka Qatar 2022 walipoleta mapumziko ya maji.

#38 MsomajiWaUsiku

Mkuu, ni Brazil 2014. Uholanzi na Meksiko, Fortaleza, refa akasimamisha mpira watu wanywe na kupoa. Qatar ilichezwa Novemba na Desemba na karibu viwanja vyote vilikuwa na viyoyozi.

#39 KipaMstaafu

Haya, 2014. Ila golikipa mwenzangu yeyote mwenye chupa nyuma ya nyavu ajiangalie. Sisi hatukimbii na maji tunayo dakika tisini zote.

#40 MtotoWaTemeke

Mmeshanitia hofu. Jumapili bonanza mechi tatu, sinywi kitu mpaka jioni.

#41 NesiWaZamu

@MtotoWaTemeke hapo ndipo kocha atakapokuja kunifokea mimi. Kunywa ukiwa na kiu, acha ikiisha. Lile tumbo linalosikika ukikimbia ndilo unaloliacha.

#42 MtotoWaTemeke

Na misuli kukaza? Niongeze chumvi?

#43 DaktariWaKijiweni

Chumvi! Hapo hata nesi hataniweza.

#44 NesiWaZamu

Misuli kukaza sina jibu moja. Kuna anayesaidiwa na chumvi, na kuna ambaye ni uchovu wa misuli tu, akiinyoosha inaachia bila kumeza kitu. Mechi ya tatu ya Jumapili kwa mtu wa umri wako, ningeanza na uchovu.

#45 MzeeWaKaunta

Kwa umri wako! Nesi kampiga mtu bila mpira.

#46 BwanaMizani

Nimechelewa ila uzi huu ni wangu, angalieni jina. Anayeuliza kiasi gani, hakuna namba ya watu wote, jipime. Pima uzito kabla ya mazoezi, cheza saa moja kwa kasi ya mechi na jua la saa za mechi, andika ulichokunywa, pima tena. Uzito uliopungua, jumlisha ulichokunywa, toa mkojo kama ulikojoa. Hilo ndilo jasho lako la saa moja. Halafu kwenye mechi kunywa chini ya hapo, usivuke. Ukimaliza na upungufu wa kilo moja hivi kwa mtu wa 58, hakuna tatizo, utaurudisha jioni na chakula. Ukimaliza umeongezeka, ulikosea.

#47 KochaUkutaWaMatofali

Hiyo naichukua, ila kwa vijana wangu nitaiweka kama ratiba, si kiu. Kiu kwenye taibreki haipo.

#48 BintiCoco

Mimi nabaki na kiu. Ratiba ndiyo iliyonivimbisha kidole.

#49 KakaMkubwa

Nashukuru wote. Dogo kasoma uzi mzima, anauliza tu kama ushindi wake utahesabiwa, maana robo fainali ni wiki ijayo na daktari kamwambia apumzike kwanza.

#50 BwanaMizani

Leo nimejipima ili msiseme naongea tu. Nilianza na 84.2. Nimecheza saa moja ufukweni, nikanywa nusu lita, sikukojoa. Nimemaliza na 84.0. Kwa hiyo jasho langu ni mililita 700 tu kwa saa. Mimi ni mkavu kumbe!

#51 NesiWaZamu

@BwanaMizani ulivua nguo kabla ya kupanda mizani ya pili?

#52 BwanaMizani

Hapana, bukta na fulana zilezile.

#53 RaketiKuukuu

Na zilikuwa zimelowa?

#54 BwanaMizani

Chapachapa.

#55 NesiWaZamu

Basi jasho lako umelipima likiwa bado umelivaa. Rudia kesho, jifute, vua, ndiyo upande.